Jumlisha na Jina la Mama

Leso za Mama zinanuka karafuu na samaki wa kukaanga. Watu watasema harufu hizo mbili hazipatani, lakini hao hawakulelewa na mama yangu. Alipofariki tulingoja arobaini ipite, kisha nikafungua sanduku lake la bati pale nyumbani Garsen ili leso zigawiwe, kama ilivyo desturi. Kifuniko kilipoinuka tu, ile harufu ikanipiga usoni, nikaketi chini. Nilikuja kugawa leso, nikajikuta nina miaka tisa, niko kwenye benchi la ukumbi wa jamii, natafuna karatasi.

Wacha nianzie mbali kidogo, maana nyie wa rika langu mkisikia karatasi mtadhani nilikuwa na wazimu.

Mama yangu aliitwa Halima. Alikaanga kambare kwenye kibanda karibu na stendi ya magari, na asubuhi nzima alikuwa na unga wa viungo hadi kwenye nyusi. Watu walimwita Mama Habiba, na Habiba ni mimi. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Nyumba ilikuwa yetu wawili. Baba alikuwa Mombasa na ameoa huko, na kwangu mimi baba alikuwa sauti ya simu siku ya Idi. Basi siku moja nimetumwa chumvi dukani, nikamsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, akinionyesha kwa kidevu, "Huyo ndiye mwana wa marehemu Zainabu. Halima ni mama yake mdogo tu, ndiye aliyemchukua akiwa na siku kumi." Nilirudi na chumvi. Nikamkabidhi. Usiku ule nilimwangalia Mama akisuka ukili wa mkeka, nikamtazama pua na vidole, nikitafuta mahali palipoandikwa "mdogo".

Tangu siku ile nikagundua jambo jingine. Jina Zainabu halikutajwa kwetu kamwe. Sikulisikia kwenye dua, wala kwenye hadithi, wala kwa kukosea. Nilidhani ni jina baya, la mtu aliyefanya kosa. Mtoto ni mjinga kwa namna yake: sikufikiri kwamba mtu anaweza kunyamazia jina kwa sababu linamuuma.

Halafu Bibi akapiga simu kutoka Ndera. Bibi Rehema alikuwa mama mzazi wa Zainabu na wa Halima, na alikuwa mtu wa kupiga kelele kwenye simu kana kwamba sauti ndiyo inayovuka mto. Mama alikuwa na mikono ya unga, akaweka simu kwenye spika. Bibi akasema anakuja Alhamisi, na safari hii akirudi Ndera anarudi na mjukuu wake. Alisema mtoto analelewa kama aliyeokotwa, hata aliyemzaa hamjui. Mama aligeuza kambare mmoja, akageuza wa pili, mafuta yakamrukia mkononi na hakuutoa mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimelishika lisitikisike.

Alhamisi hiyo hiyo ilikuwa jioni ya kikundi cha kina mama. Kila mwezi walikutana ukumbini baada ya Alasiri, wakamwalika mtu wa kuwafundisha jambo. Mwezi mmoja alikuja nesi, mwingine akaja mtu wa mbegu za mpunga. Mwezi ule alikuwa anakuja Mwalimu Shee wa Kipini, fundi cherehani aliyerithi kwa babake elimu ya kuhesabu majina. Mwenyekiti wa kikundi alipita kibandani kwetu akitangaza: njooni na majina ya watu wa nyumbani, mtajua nyota zenu, na nani anapatana na nani. Nilishika hilo la mwisho. Kichwani mwangu likawa hivi: Bibi anakuja, mtu wa hesabu anakuja, siku moja, basi huyo ndiye kadhi, na jina langu likipatana na la Mama ninabaki, lisipopatana napelekwa Ndera. Hakuna aliyenieleza hivyo. Nilijieleza mwenyewe, nikajiamini kabisa.

Bibi alifika adhuhuri na mkungu wa ndizi na chupa ya asali, akanibana kifuani kwa nguvu. Nilijifanya gogo. Alasiri tukaenda ukumbini watatu, mimi katikati, na hakuna kati yao aliyemwambia mwenzake zaidi ya "jihadhari na hilo shimo".

Mwalimu Shee alikuwa mwembamba, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, na alisema Kiswahili cha kwao cha Kipini, kitamu, ambacho sisi wa Garsen tuliochanganya Kipokomo na Kiorma na Kigiriama tulikisikiliza kama redio. Alianza kwa kujivua lawama. Akasema hii si dini, wala hatabiri mauti ya mtu. Ni hesabu waliyoiacha wazee, na ajuaye ni Mungu peke yake. Anayeona vibaya na ainuke, hatanuna. Hakuinuka mtu. Wote walikuwa wameshayaandaa majina.

Akaandika herufi za Kiarabu ubaoni, zote ishirini na nane, lakini si kwa mpangilio wa alifu, be, te tuliosoma chuoni, kwenye Kurani. Alizipanga kwa thamani. Safu ya kwanza ilihesabu mojamoja: alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne, he nyepesi tano, wau sita, ze saba, ha ya kooni nane, to tisa. Safu ya pili ilipanda kwa makumi: ye kumi, kafu ishirini, lamu thelathini, mimu arubaini, nuni hamsini, hadi sodi tisini. Safu ya tatu ilipanda kwa mamia, kuanzia kafu nzito mia, re mia mbili, hadi dho mia tisa, na ghaini akaachwa peke yake mwishoni na elfu yake.

Kisha akatoa masharti. Unahesabu herufi zilizoandikwa tu. Fatha, kasra na dhuma, zile alama za irabu, hazihesabiwi, ni hewa. Herufi yenye shada, alama ya kukaza, ni moja, usiihesabu mara mbili. Ile te ya mviringo inayofunga majina mengi ya kike, yeye na babake huihesabu kama he, yaani tano. Jina la kwetu lisilokuwa na herufi yake kwa Kiarabu, andika inayokaribia kwa sauti. Ukimaliza jina lako, jumlisha na jina la mama. Jumla hiyo utoe kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka usiweze kutoa tena. Kinachosalia ndicho nambari ya nyota.

Alitufanyia mfano kwa mtoto wake. Ali ni aini sabini, lamu thelathini, ye kumi: mia na kumi. Mamake Maryamu ni mimu arubaini, re mia mbili, ye kumi, mimu arubaini: mia mbili na tisini. Jumla mia nne. Kumi na mbili zinaingia mara thelathini na tatu, mia tatu tisini na sita, zinasalia nne. Nyota ya nne ni Kaa. Akaziorodhesha zote kwa zamu: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo, Samaki. Pembeni mwa kila moja akaandika tabia yake, akirudia nne zilezile: moto, udongo, upepo, maji; moto, udongo, upepo, maji. Moto hupatana na upepo, akasema, na maji hupatana na udongo.

Mzee mmoja wa Kiorma, aliyekuja kumsindikiza mkewe na kuegemea fimbo yake mlangoni, akauliza kama hesabu hii inafaa kwa ng'ombe. Mwalimu akasema angehitaji jina la ng'ombe na jina la mama yake. Mzee akasema hilo si tatizo, kwa ng'ombe wake anawajua mama hadi wa saba. Watu walicheka sana. Kisha mama mmoja akauliza kwa nini mama, kwa nini si baba. Mwalimu Shee akafuta mikono kwenye suruali.

"Kwa kuwa mama hana shaka," akasema. "Watu walimwona akikubeba, wakamwona akikuzaa. Mama wa hesabu hii ni yule uliyetoka tumboni mwake. Si mwengine."

Sikuthubutu kumtazama Mama. Nilitazama miguu yake. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya viatu.

Tukagawiwa nusu karatasi na penseli, kila mtu ajaribu. Nikaenda mwisho wa benchi, nikaikinga karatasi kwa mkono kama mtu wa mtihani. Sikujali tumbo la nani. Niliandika Habiba: ha ya kooni nane, be mbili, ye kumi, be mbili, te ya mviringo tano. Ishirini na saba. Nikaandika Halima: ha nane, lamu thelathini, ye kumi, mimu arubaini, te tano. Tisini na tatu. Nikajumlisha, mia na ishirini. Nikatoa kumi na mbili mara kumi, na hapakuwa na kitu. Sifuri. Nikarudia, sifuri. Nilitafuta ubaoni nyota ya sifuri, haipo. Kwa akili yangu ya miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa hukumu: mimi na Mama tukijumlishwa, hakuna kitu. Nikaitia ile karatasi mdomoni nikaitafuna, ili Bibi asiione.

Nilipogeuka nikamwona Mama amenipa mgongo, ameinama. Alipoinuka alikuwa anafunga kitu kwenye pindo la leso, fundo dogo, akalikaza kwa meno. Nyie mnajua kina mama zetu wanafunga nini kwenye pindo. Nikajua ni nauli yangu ya kwenda Ndera. Nilimchukia kwa dakika moja nzima, na sijawahi tena.

Mwalimu akaomba nyumba moja ijitokeze ifanyiwe hesabu mbele ya watu. Bibi Rehema hakungoja, akanisukuma mbele kwa kiganja. Nikasimama chini ya ubao na karatasi iliyolowa shavuni.

"Waitwaje?" Nikasema Habiba. Akaandika, akapiga hesabu kwa sauti, ishirini na saba. "Na mamako yuwaitwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema Halima, na nilikuwa najua ni sifuri. Nikifungua mdomo, karatasi itaonekana. Nikamtazama Mama. Alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika lile fundo la leso kwa mikono miwili, na midomo yake ikawa inatafuta pa kuanzia.

"Mwalimu," akasema, "andika Zainabu. Mama yake ni Zainabu. Ni dada yangu."

Kumsikia Mama akilitamka jina lile kulinitisha kuliko kama lingetamkwa na mtu mwingine yeyote. Nikajua nimekwisha, nimetolewa mbele ya watu. Nikalia kwa sauti, na ile karatasi ikadondoka sakafuni kama andazi lililotafunwa. Mwalimu, Mungu amrehemu popote alipo, akajifanya hakuiona. Akaendelea kuandika taratibu: ze saba, ye kumi, nuni hamsini, be mbili. Sitini na tisa. Na ishirini na saba, tisini na sita. Kumi na mbili mara nane ni tisini na sita.

Sifuri nyingine. Basi sikuwa na nyota kwa mama yeyote, wa tumboni wala wa kibandani. Nilikaa chini palepale.

"Mwana huyu yuwalia nini?" akauliza, kisha akaiona sifuri yake ubaoni, akaelewa, akachuchumaa. Akasema amekosea yeye, amesahau kutuambia. Isiposalia kitu, hesabu haijafa, imejaa. Kumi na mbili ya mwisho unairudisha, ndiyo nambari yako. Ya kumi na mbili ni Samaki, na Samaki ni maji. Akainuka akamwomba Mama jina lake na la mama yake. Halima tisini na tatu. Rehema ni re mia mbili, ha nane, mimu arubaini, te tano, mia mbili hamsini na tatu. Jumla mia tatu arubaini na sita. Akatoa mia tatu thelathini na sita, zikasalia kumi. Mbuzi, udongo.

"Nyinyi watu wa Tana sina la kuwafundisha hapa," akasema. "Mto ukimwaga, ukirudi, huacha nini shambani?"

"Tope," wakajibu wengi.

"Na mwapanda wapi?"

Hapo walicheka, maana sote tunapanda kwenye tope hilohilo. Lakini Bibi alikuwa amekuja hadi ubaoni. Hakujua kusoma. Alikuwa anaangalia yale maandishi ya jina lake, ambalo sidhani aliwahi kuliona kwa chaki, na akauliza kwa sauti ndogo kuliko ya simu zake zote kama Mwalimu anaweza kumwekea na la Zainabu kando yake. Mwalimu akaweka. Sitini na tisa na mia mbili hamsini na tatu, mia tatu ishirini na mbili. Akatoa mia tatu na kumi na mbili. Zikasalia kumi. Dada wawili, Mbuzi wote wawili, udongo mmoja.

Bibi aligusa lile jina la binti yake kwa kidole, chaki ikamshika. Kisha akamgeukia Mama.

"Nilikuja kumchukua," akasema, "kwa sababu nilidhani umemzika dada yako mara ya pili. Miaka tisa sijasikia jina lake mdomoni mwako."

Mama akasema lilikuwa linakwama. Kila akitaka kulisema lilikuwa linakwama, na mtoto alikuwa ameshaanza kumwita mama, na aliogopa akisema atanyang'anywa. Alisema yote hayo mbele ya kikundi kizima, yeye ambaye hakupenda hata kuhesabiwa chenji kwa sauti. Bibi akamshika kichwa akakiweka begani. Mimi nilikuwa sakafuni katikati ya miguu yao, na kutoka pale chini nikasikia Bibi akisema mtoto abaki hapahapa, ila wakati wa likizo aletwe Ndera, amwonyeshe alipolala mamake. Mwalimu Shee akajishughulisha na kukunja futi yake.

Tangu siku hiyo Zainabu aliishi kwetu. Mama alinitajia kila kitu: kwamba alicheka kwa pua, kwamba hakula kambare hata siku moja, kwamba mimi ni yeye nikikasirika. Nikawa na mama wawili, na nikawatumia wote wawili vizuri kila nilipotaka kitu.

Siziamini nyota, msinielewe vibaya. Nimekuwa mtu mzima nikaona jambo lilivyo: tisini na tatu ukitoa sitini na tisa ni ishirini na nne, kumi na mbili mbili kamili, ndiyo maana majina ya wale dada yanaleta jibu moja kwa kila mtu utakayemjumlisha naye. Ni hesabu tu, ingeweza kuwa vingine. Lakini nauliza tu, kwa nini haikuwa vingine?

Sasa nirudi sandukuni. Leso ya chini kabisa ilikuwa ile ya Alhamisi ile, imepauka, na pindo lake lilikuwa na fundo. Nilicheka peke yangu, nikasema nauli yangu ya Ndera hiyo, Mama aliitunza. Fundo lilikuwa gumu, nikalifungua kwa meno kama alivyolifunga. Haikuwa nauli. Ilikuwa nusu karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na ndani yake, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa chuoni: Habiba, ishirini na saba. Halima, tisini na tatu. Mia na ishirini. Sifuri.

Nikageuza. Nyuma alikuwa ameirudia hesabu ileile mara tatu, na mara zote tatu amefikia sifuri, na penseli ya mara ya mwisho ilikuwa imetoboa karatasi. Alikuwa kwenye benchi moja na mimi, amenipa mgongo, analia sifuri ileile. Na baada ya hapo ndipo alipoinuka akasema andika Zainabu.

Chini kabisa palikuwa na neno moja ambalo si la penseli. Ni la wino wa buluu, lazima aliliandika nyumbani, baada ya Mwalimu kutueleza, mimi nikiwa nimelala. Aliandika: Samaki.

Leso nyingine zote niligawa siku ile. Hiyo niliikunja na karatasi yake, nikaifunga fundo lilelile, nikajifunga kiunoni nikaenda kuwapa watu chai.